Kabla ya Koleo: Nani Aliridhia, na Aliridhia Nini?

AFISA WA KLINIKI: Mimi naanza na saa. Asubuhi benchi langu limejaa, kiti cha matibabu ni kimoja, na kila aliyekaa pale ameshika shavu. Sasa naambiwa nimweleze kila mmoja hatari za kung'oa, nimtajie njia nyingine za kutibu, halafu niandike tulivyozungumza. Fomu ya idhini tunayo. Mgonjwa anatia sahihi, analala kitini, kazi inaanza. Kama fomu haitoshi, tuliichapisha ya nini?

DAKTARI WA MENO: Unaitoa wakati gani hiyo fomu?

AFISA WA KLINIKI: Akishakaa kitini.

DAKTARI WA MENO: Kabla ya sindano ya ganzi au baada yake?

AFISA WA KLINIKI: Inategemea. Siku nyingine nachoma sindano kwanza, ili dawa ishike huku tukimaliza mambo ya karatasi.

DAKTARI WA MENO: Basi hapo ameridhia nini, ndugu yangu? Mdomo umekufa ganzi, amelala chali, trei ya vifaa iko kifuani pake. Huyo hata kukataa hawezi. Atatia sahihi hata kama karatasi ni ya kuuza shamba.

WAKILI: Na mahakamani sahihi hiyo haitakusaidia sana. Haina maana kwamba haina kazi, ina kazi yake. Lakini swali la kwanza litakuwa mgonjwa aliambiwa nini, na swali la pili litakuwa hayo yameandikwa wapi. Sheria yetu ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zinazopatikana kwa kawaida, faida, hatari na gharama za kila njia, na haki yake ya kukataa. Tena kwa lugha anayoielewa, pale inapowezekana, na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Hakuna mahali inaposema karatasi inamaliza kazi hiyo.

MAMA WA SOKONI: Mimi nilifikiri ile karatasi ni ya kuwakinga nyinyi. Kwamba nikishatia sahihi, likitokea lolote sina mdomo tena.

WAKILI: Hapana, mama. Sahihi haimruhusu mtu kufanya kazi vibaya. Akikuvunja taya kwa uzembe, karatasi haimwokoi.

MAMA WA SOKONI: Wengi tunajua hivyo, basi. Ndiyo maana hatusomi. Unasoma ya nini, na ushajua umefungwa?

DAKTARI WA MENO: Tuchukue kisa kimoja tukimalize. Maalim yupo hapa na ameniruhusu nimtaje bila jina. Anafundisha madrasa, ana umri wa miaka thelathini na kitu. Gego la mwisho la chini, upande wa kushoto, limelala kuelekea mbele na limetoka nusu tu. Fizi iliyolifunika imevimba mara tatu ndani ya mwaka, mara ya mwisho mdomo ulifunguka kiasi cha vidole viwili. Mara moja pekee nisingemshauri kung'oa, ningesafisha chini ya ile fizi na kumfundisha kusukutua. Lakini linaporudi hivi, kung'oa ni pendekezo la haki. Hadi hapo mimi na afisa hatuna ugomvi.

AFISA WA KLINIKI: Hatuna. Mng'oe.

DAKTARI WA MENO: Tumepiga picha ya taya nzima. Ndani ya taya la chini mna mfereji unamopita mshipa wa fahamu unaoleta hisia za mdomo wa chini na kidevu. Kwenye picha mfereji ule huonekana una mistari miwili myeupe, juu na chini. Ukifika kwenye mizizi ya jino la Maalim, mstari wa juu unakatika, na mzizi wenyewe unaingia weusi pale unapovukwa. Dalili hizo mbili kwa pamoja zinatuambia kwamba huenda mzizi na mshipa vimegusana. Kwa magego ya mwisho ya chini kwa jumla, wanaopata ganzi ya muda mdomoni ni wachache, chini ya 5 katika 100, na wanaobaki nayo maisha ni chini ya 1 katika 100. Kwa picha kama hii, Maalim yuko juu ya hapo. Nitamwambia au nisimwambie?

AFISA WA KLINIKI: Ukimwambia, atakimbia. Nimeyaona hayo. Unataja mshipa, mtu anavaa viatu. Baada ya wiki mbili anarudi shingo imevimba, hawezi kumeza mate. Hapo nani amemdhuru, aliyenyamaza au aliyesema?

DAKTARI WA MENO: Hofu hiyo ipo, siikatai. Ila hofu mara nyingi inaletwa na namna ya kusema. Ukianza na mshipa na kumaliza na mshipa, atakimbia. Ukianza na jino lake, litakavyomfanya asipolitoa, kisha ukamweleza la mshipa kwa kipimo chake, wengi wanabaki.

WAKILI: Kuna kesi ya Skotlandi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015, ya Bi. Nadine Montgomery. Alikuwa na kisukari na mwili mdogo, na kwa wanawake wenye kisukari hatari ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaa ni kama 9 hadi 10 katika 100. Daktari hakumwambia, kwa sababu aliona madhara makubwa kwa mtoto ni nadra, na wanawake wakiambiwa wataomba upasuaji. Mtoto akakwama, akaumia. Mahakama ikasema kipimo si kile ambacho madaktari wengi wangesema, kama ilivyozoeleka tangu kesi ya Bolam ya 1957. Kipimo ni kile ambacho mtu wa busara aliye katika hali ya mgonjwa huyu angekiona kizito, au ambacho daktari anajua, au alipaswa kujua, kwamba mgonjwa huyu mwenyewe angekiona kizito. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu wa Kenya, ila mawakili wataisoma mbele yao. Na soma sababu ya yule daktari kunyamaza, afisa. Ni hiyo hiyo yako.

AFISA WA KLINIKI: Yangu ni tofauti. Yule alikuwa na miezi ya kliniki ya wajawazito. Mimi nina dakika kumi.

(Hapa afisa alikuwa na haki kuliko alivyopewa. Hukumu zote nzuri za ridhaa zinamfikiria daktari mwenye ofisi na mlango unaofungika.)

DAKTARI WA MENO: Maalim, niambie kwa maneno yako, nilikueleza nini juu ya mshipa?

MAALIM: Ulisema mshipa ukiguswa, mdomo unaweza kupinda. Kama wale wanaopatwa na kiharusi. Nami nikasema, nikipinda mdomo, watoto nitawasomeshaje? Ba na mim zinatoka midomoni, fa pia inataka mdomo wa chini. Matamshi yakiharibika, tajwidi imekwenda. Ndiyo maana sikurudi ile Jumatatu.

DAKTARI WA MENO: Mnasikia? Nilijiona nimeeleza vizuri. Mshipa huu haupeleki mwendo, unaleta hisia tu. Mdomo haupindi, Maalim. Ukiumia, upande huo wa mdomo na kidevu unakuwa kama siku ya sindano ya ganzi, ila haitoki jioni ile. Unaweza kujing'ata usijue, chai ya moto ikakuunguza, mate yakakutoka bila habari. Wengi hurudiwa na hisia ndani ya wiki au miezi. Kinachobaki baada ya mwaka na nusu au miwili kwa kawaida hakirudi. Lakini ba utaitamka.

MAALIM: Hilo ni jambo jingine kabisa.

DAKTARI WA MENO: Bado lipo la ulimi. Upande wa ndani wa taya, karibu na gego hili, unapita mshipa mwingine wenye hisia za ulimi na ladha. Ni mara chache zaidi kuumia, na namna ninavyofungua fizi inapunguza hatari hiyo. Nao hauzuii ulimi kutembea, ila mtu asiyeusikia upande mmoja wa ulimi wake huona maneno yake mageni kwa muda. Kwa muuza samaki ningelitaja kwa sentensi moja. Kwako wewe nakaa nalo.

AFISA WA KLINIKI: Kwa hiyo kila mgonjwa nimuulize kazi yake?

DAKTARI WA MENO: Swali moja tu: "Kuna jambo gani linakutia wasiwasi zaidi?" Halafu umwache akurudishie kwa maneno yake ulichomwambia. Hayo mawili hayafiki dakika tatu. Maalim angetia sahihi fomu yako, angeridhia kupinda mdomo, hatari isiyokuwepo, na asingejua iliyopo.

MAMA WA SOKONI: Naomba na mimi niseme langu. Mimi niling'olewa la juu, gego la nyuma. Si hapa, na sitaki kutaja wapi. Nikarudi nyumbani, usiku nikanywa maji, maji yakatoka puani! Nikajua nimerogwa, au nimetobolewa ubongo. Siku tatu silali, mwanangu ananisomea Yasini. Ya nne ndiyo nikaenda kwa daktari mwingine, akaniambia mizizi ya juu inakaribiana na uwazi wa ndani ya shavu, ulio na njia hadi puani, na pametoboka kidogo.

AFISA WA KLINIKI: Hilo linatokea hata mikononi mwa fundi mzuri, mama.

MAMA WA SOKONI: Sijasema mtu alikosea. Jino lilikuwa linaniua, hata ningeambiwa ningeling'oa. Lakini ningejua! Ningejua ni kitu gani, na ningerudi asubuhi yake badala ya kungoja nife.

DAKTARI WA MENO: Hapo Mama amesema kitu ambacho mimi huwa nakisahau nikibishana na wanasheria. Tunazungumza kana kwamba hatari inatajwa ili mtu aamue kung'oa au kuacha. Wengi wameshaamua wakiwa nyumbani. Wanachohitaji ni kuitambua shida ikija. Chukua tundu kavu. Donge la damu linatoka au linayeyuka mapema, mfupa unabaki wazi, na maumivu yanaanza siku ya pili hadi ya nne, makali kuliko ya jino lenyewe, yanapanda hadi sikioni. Aliyeambiwa anarudi, tunasafisha tundu na kuweka dawa, analala. Asiyeambiwa anadhani umemwachia kipande, anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya kuua vijidudu ambavyo havimsaidii.

AFISA WA KLINIKI: Hiyo nakubali. Hata benchi langu lingepungua, maana wanaorudi kunilaumu ni hao. Ila sasa nijibuni la njia nyingine. Amekuja msichana wa miaka ishirini na mbili, gego la kwanza la chini limeoza hadi kwenye mshipa wa jino, mizizi ni mizima. Jino hilo linaokoleka. Linasafishwa mizizi, linazibwa, linavishwa kofia. Kwangu hakuna vifaa hivyo. Kliniki ya binafsi watamtoza mara nyingi ya bei yangu, pesa ambazo hana. Nikimtajia, nimempa nini isipokuwa majuto?

WAKILI: Kifungu kinasema njia zinazopatikana kwa kawaida. Mtu anaweza kubishana kama ya kliniki ya binafsi "inapatikana". Na Uingereza, mwaka 2023, katika kesi ya McCulloch, Mahakama ya Juu ilisema daktari hana wajibu wa kutaja kila njia iliyopo duniani, bali zile ambazo kwa utaalamu wake ni za busara kwa mgonjwa huyo, na ambazo wataalamu wenzake wangeona hivyo.

AFISA WA KLINIKI: Asante. Basi simtajii.

WAKILI: Umekimbia nayo mapema. Kule suala lilikuwa la utaalamu, kama dawa fulani ilimfaa mgonjwa. Wewe kwa utaalamu unajua njia hii inafaa, tena ni bora. Unachokisia ni mfuko wake. Hilo si la utaalamu.

MAMA WA SOKONI: Na unajuaje hana? Ana mjomba Muskati, hukumuuliza. Sisi tunachangiana arusi, tutashindwa jino?

DAKTARI WA MENO: Na kati ya kung'oa leo na matibabu kamili kuna njia ya katikati. Unaweza kulifungua jino, ukatoa kilichooza ndani, ukaweka dawa na kuziba kwa muda. Maumivu yanatulia, anapata wiki kadhaa za kutafuta pesa.

AFISA WA KLINIKI: Wiki kadhaa! Mimi nawajua. Maumivu yakiisha hawarudi, kizibo kinatoka, baada ya miezi sita wanarudi na jipu, na sasa jino haliokoleki tena. Nikiling'oa leo, leo limekwisha.

DAKTARI WA MENO: Wapo wa hivyo. Wapo pia wanaorudi. Siwezi kukuambia nani ni nani.

AFISA WA KLINIKI: Wala mimi. Lakini mimi ndiye nitakayempokea na jipu.

(Hawakukubaliana, na sioni jibu moja linalofaa kila benchi. Ninachokiona ni kwamba sentensi ya kumwambia msichana jino lake linaokoleka, na kwamba si hapa, inachukua muda mfupi kuliko huu ubishi.)

MAALIM: Na mimi njia zangu nyingine ni zipi? Jumatatu ile sikuzisikia, nilikuwa nafikiria mdomo.

DAKTARI WA MENO: Ya kwanza ni kuliacha. Tunasafisha, unasukutua maji ya chumvi, unalipigia mswaki wa kichwa kidogo hadi nyuma kabisa. Kwa mara tatu ulizovimba, natarajia ya nne. Ya pili, gego la juu linalolikabili linaing'ata ile fizi, tukilitoa hilo huenda ukapata nafuu ya muda. Ya tatu ni kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi ndani ya mfupa, ili mshipa usiguswe. Inapunguza hatari ya ganzi mdomoni. Lakini jino likiwa limeoza hadi ndani au linacheza haifai, na mizizi ikilegea katikati ya kazi lazima niitoe, ile hatari inarudi palepale. Baadaye mizizi inaweza kupanda kidogo kidogo na kuhitaji upasuaji wa pili. Ya nne ni kuling'oa lote. Na kabla ya hizo mbili za mwisho ningependa picha ya pande tatu, inayoonyesha mshipa uko upande gani wa mzizi. Kwangu haipo. Ipo mjini, kwa gharama.

MAALIM: Ungekuwa wewe?

DAKTARI WA MENO: Ningepiga ile picha, na kama mshipa umeshikana na mzizi, ningekatwa kichwa cha jino tu. Lakini mimi sisomeshi tajwidi, na mimi pesa ya picha ninayo.

MAALIM: Daktari, nikwambie kweli. Maelezo yote haya yananichosha. Wewe ndiye uliyesomea. Fanya unavyoona.

AFISA WA KLINIKI: Hiyo ndiyo idhini! Amekukabidhi.

WAKILI: Ni haki yake kutotaka maelezo marefu. Ila aijue ile moja kubwa, na iandikwe kwamba alisema hivyo. Ukiandika tu "ameridhia", kesho hakuna atakayejua kama alikukabidhi au alichoka.

AFISA WA KLINIKI: Haya, tufike kwenye kuandika. Mimi nilitengeneza mhuri: "Hatari na njia nyingine zimeelezwa, mgonjwa ameelewa." Napiga, naweka sahihi, basi.

WAKILI: Mhuri huo uko kwenye faili ngapi?

AFISA WA KLINIKI: Zote.

WAKILI: Basi wakili wa upande wa pili ataomba faili ishirini tu. Atamwonyesha jaji kwamba la mtoto wa meno ya utoto na la mzee wa dawa za kuzuia damu kuganda yameelezwa kwa maneno yaleyale.

DAKTARI WA MENO: Mimi mhuri siupingi moja kwa moja. Zile hatari za kila mtu, maumivu, uvimbe, damu, tundu kavu, zipigie mhuri. Chini yake acha mistari minne mitupu ya mtu huyu. La Maalim niliandika hivi, mtanisahihisha: "Saa 3:40 asubuhi, kabla ya sindano. Kwa Kiswahili, yuko peke yake. Gego la mwisho la chini kushoto, namba 38. Fizi imevimba mara tatu mwaka huu. Picha: mstari wa mfereji umekatika, mzizi mweusi. Njia: kuacha na kusafisha, kutoa la juu, kukata kichwa, kung'oa lote. Ganzi ya mdomo na ulimi, ya muda na ya kudumu, imeelezwa, hatari yake ni zaidi ya kawaida. Anafundisha tajwidi. Alidhani mdomo utapinda, amesahihishwa, ameeleza tena kwa maneno yake. Amekubali kung'oa."

AFISA WA KLINIKI: Namba na maneno pia?

DAKTARI WA MENO: Pia. Wengine huandika nane tu, na nane ziko nne mdomoni.

MAALIM: Mwisho si sawa. Sikukubali kung'oa. Nimesema ufanye unavyoona, halafu nimekaa hapa nikawasikiliza, na sasa nasema sitaki leo. Nataka kwanza nijue bei ya ile picha, na nizungumze na mke wangu.

DAKTARI WA MENO: Umenishika. Nafuta.

WAKILI: Usifute. Piga mstari mmoja juu yake usomeke, andika sahihisho chini, saa, na sahihi yako. Kilichofutwa kabisa ndicho kinachoulizwa.

AFISA WA KLINIKI: Kwa hiyo hata asiyetibiwa anaandikiwa ukurasa mzima?

DAKTARI WA MENO: Huyo zaidi ya wote. "Saa 4:05. Hajaamua. Ameambiwa akisubiri fizi huenda ikavimba tena. Ameambiwa mdomo ukikataa kufunguka, uvimbe ukishuka chini ya taya, au akashindwa kumeza mate, asingoje asubuhi, aende hospitali usiku uleule." Maalim, nirudishie hayo kwa maneno yako.

MAALIM: Nikishindwa kumeza, nije kwako.

DAKTARI WA MENO: Hapana. Usiku mimi nimefunga. Hospitali kuu, mlango wa dharura. Tuanze tena.